Notisi za Kifaransa: "y ni mahali, en ni idadi." Huu si wizi?

Karafuu Kavu: Wakuu, nimechoka. Chuo fulani cha lugha kinatutoza ada ya maana, na notisi tunauziwa kando. Kuhusu y na en zina mstari mmoja tu: "y ni mahali, en ni idadi." Jaribio likauliza: *Tu reviens du marché ?* Soko si mahali? Darasa zima tukaandika *Oui, j'y reviens*. Wote tukala sifuri! Eti jibu ni *j'en reviens*. Kuuliza kwa nini, mwalimu anasema "karirini".

Mzee wa Buja: Pole, mdogo wangu. Usitazame soko, tazama kihusishi kilicho mbele yake. *Je vais au marché*: ndani ya *au* kuna *à*, kwa hiyo *j'y vais*. *Je reviens du marché*: *du* ni *de* na *le* zilizoungana, kwa hiyo *j'en reviens*. Ulichoandika ni Kifaransa sahihi, ila maana yake unarudi tena huko sokoni. Na mtihani si mahali, lakini *je pense à l'examen* inakuwa *j'y pense*, kwa sababu ya hiyo *à*.

Bonge la Tanga: Mnajitesa bure. Vyote hukaa kabla ya kitenzi, kwisha. *J'en vais acheter.*

Mzee wa Buja: Kitenzi kipi sasa? Kinachonunuliwa ni cha *acheter*, basi kaa hapo: *je vais en acheter*. Ila wakati uliopita hupenyi katikati: *j'en ai acheté*. Ukikanusha, *je n'en ai pas acheté*. Na idadi ikitajwa haimezwi: *j'en ai acheté trois*.

Mama Tausi: Mimi nataka kufanya TEF ya Kanada. Hiyo ada ni kiasi gani, na wanafundisha jioni?

Karafuu Kavu: Dada, nawalalamikia, siwatangazi!

Mtoto wa Lushi: Mzee, mbona tunasema *vas-y*? Hapo y iko nyuma.

Mzee wa Buja: Amri ya kukubali huipeleka nyuma. *Va* na *achète* hazina s, lakini *vas-y* na *achètes-en* zinaipata ili ulimi upite. Ukikataza, inarudi mbele: *n'y va pas*.

Mtoto wa Lushi: Na mtu je? *Je parle de mon frère*, sisi husema *j'en parle*.

Mzee wa Buja: Kwenye karatasi andika *je parle de lui*. Ukihesabu ndugu, hapo sawa: *j'en ai deux*.

Mtoto wa Lushi: Wafaransa wenyewe nawasikia wakisema *j'en parle* kwa mtu.

Mzee wa Buja: Hata mimi nawasikia. Msahihishaji wako hatakusikiliza.

Karafuu Kavu: Kumbe hiyo *du* ndiyo swali lenyewe, na kwenye notisi haimo kabisa! Kesho naingia ofisini na karatasi yangu, na pesa ya notisi wanirudishie.