NANI ALIMPA HUYU MTU FUNGUO ZA INSEKTARI?? Trei zangu zote zinanuka

Mama_Keji
Jamani naandika bado natetemeka. Mnamjua, yule yule wa "mimi nina uzoefu", anayeingia insektari, chumba chetu cha kufugia mbu, na viatu vya nje. Jumamosi si zamu yake, kaingia, kaona viluwiluwi wa siku mbili, kaona wadogo, kachota KIJIKO CHA CHAI cha chakula cha samaki kilichosagwa akamwaga kila trei. Kijiko! Wa umri ule unawapa vumbi la ncha ya kijiti, basi. Leo nafungua mlango harufu inanipokea kama mfereji wa Nakivubo siku ya jua. Nikamuuliza akanijibu mbele ya vijana wa fildi "watoto wako walikuwa wanakufa njaa, mimi nimewaokoa." AMEWAOKOA! Wamelala chini ya trei wote, ukitikisa hakuna anayekimbia. Chumba kiko nyuzi 27, unyevu 80, taa zinawaka na kuzima kwa wakati, sijakosa kitu. Amewaokoa!!

Boda_wa_Mbale
Ngoja kwanza, nyinyi mnafuga mbu? Sisi huku tunalala chini ya neti halafu nyinyi mnawanunulia chakula cha samaki?

Kamau_Jinja
Hilo ni joto dada. Sisi Februari walikufa hivyo hivyo, chumba kilifika 33. Punguza joto uone.

Mama_Keji
Kamau soma, 27! AMEWAOKOA jamani.

Mzee wa Trei
Kamau usimpuuze, kuna kitu anagusa, maji ya moto yanaozesha chakula haraka zaidi. Ila joto likiwa ndilo lililoua, trei zote za chumba zingeumia, hata ambazo hazikumwagiwa kitu. Binti, una trei yoyote ambayo hakuigusa?

Mama_Keji
Mbili za chini nyuma ya ndoo, hakuziona. Maji safi, wanacheza vizuri tu.

Mzee wa Trei
Basi ni chakula. Ingekuwa sumu, mfano mtu kapuliza dawa koridoni, ungekuta na wakubwa kwenye keji wamelala chali miguu inacheza, na maji ya trei yangebaki safi. Chakula kikizidi bakteria wanashiba wao kwanza, maji yanageuka maziwa, juu panafunga utando. Kiluwiluwi wa anofelesi hulala bapa chini ya uso wa maji na kupumua hapo hapo, utando ukiziba ndio mwisho wake. Gusa uso wa maji kwa ncha ya tishu, ukivutika kama makamasi umepata jibu.

Mama_Keji
Unavutika mzee.

Mzee wa Trei
Laza karatasi safi juu ya maji uivute taratibu upande mmoja, inaondoka na utando. Halafu wanaotikisika wanyonye kwa pipeti uwapeleke kwenye maji mapya yaliyolala usiku kucha klorini ikatoka, yawe joto lile lile la chumba. Wapange kama 200 kwa trei ya lita moja. Usiwape kitu mpaka kesho, kisha kidogo, na usiongeze kabla cha jana hakijaisha. Wakifika hatua ya tatu na ya nne ndipo watakula kweli.

Nalongo_wa_Arua
Na wakipona watatoka vijimbu vidogo, havitaki damu, mayai machache. Wiki mbili mbele ndipo utalia tena.

Mzee wa Trei
Inawezekana. Mimi nimeona wengine wanajirudi kizazi kinachofuata. Mbu wenyewe ni wa ukoo wa Kisumu?

Mama_Keji
Wa Kisumu, wasio na usugu wa dawa, ndio tunaopimia dawa za neti! Nikikosa wao nitasema dawa inaua au haiui nikilinganisha na nani? Na yeye anasema AMEWAOKOA.

Kamau_Jinja
Bado nasema uangalie kipimajoto chako, vingine vinadanganya.

Nalongo_wa_Arua
Kwangu heri chakula kingezidi. Mimi wakubwa wanakufa kwa sababu kuna mtu anaiba SUKARI ya insektari anywee chai. Narudi Jumatatu pamba za maji ya sukari zimekauka kau, keji nzima imelala sakafuni.

Boda_wa_Mbale
Mbu wanakunywa sukari??

Nalongo_wa_Arua
Asilimia kumi, kila siku, dume na jike. Damu ni ya jike tu, ya kutengenezea mayai. Na hata sukari ikibaki sisimizi wanaifuata.

Mama_Keji
UZI NI WA KIJIKO jamani!

Kamau_Jinja
Sisimizi hata sisi wametumaliza, wanapanda meza usiku wanakula mpaka pupa. Mnafanyaje?

Mzee wa Trei
Kila mguu wa meza uutie kwenye kopo la maji na mafuta kidogo. Na meza isiguse ukuta.

Nalongo_wa_Arua
Kwa mwizi wa sukari je, mzee, kopo la nini?