Boliti ya breketi ya olteneta imekula nyuzi kwenye aluminiamu, nitoboe niweke 12 kosi au fain?

Mzigo_Kamili: Wakuu habari za jioni. Noah yangu ilipoteza boliti ya breketi ya olteneta, fundi akaleta nyingine ya 10 kutoka duka la vifaa, ikaingia raundi mbili ikakaza, yeye akaongeza bomba kwenye spana akaendelea kuisukuma. Sasa inazunguka tu. Anasema atoboe aweke boliti ya 12. Nataka kujua nichukue nyuzi nene au laini.

Spana17: Fain mkuu usijiulize mara mbili, fain ina nguvu kuliko kosi na haifunguki kwa mtikisiko. Weka 12 kwa 1.25 umemaliza.

Mkereza_Vyuma: Spana17 hapo umepatia nusu. Boliti yenyewe ya fain kweli ina nguvu kidogo zaidi maana kiini chake ni kinene, na ni kweli haiachii haraka. Ila hapa boliti haijakatika, kilichokufa ni aluminiamu. Jino la 12 kosi, ile ya 1.75, lina kina cha karibu milimita 1, la 1.25 ni kama 0.7 hivi, na drili ya mkononi lazima itayumba, shimo likipanuka kidogo fain inabaki imeshika kwa ncha tu. Kosi, drili ya 10.2, tapu isimame wima, rudisha nyuma kila nusu raundi na mafuta kidogo.
Mzigo, ile ya zamani lazima ilikuwa 10 kwa 1.25, Mjapani anazipenda, na ya dukani ni 1.5. Chukua boliti nyingine ya breketi hiyo hiyo upime nafasi 10 za meno, ukipata 12.5 ni fain, 15 ni kosi. Boliti inaingia kina gani, na ukuta umebaki kiasi gani?

Mama_Gereji: Mie nina jiriwa, nikipima jino hadi jino napata 4 lakini nikizungusha raundi moja taya linatembea 8. Limeliwa?

Mkereza_Vyuma: Hapana dada, hiyo ina nyuzi mbili zinazokimbia sambamba. Angalia mwishoni mwa skrubu utaona mianzo miwili. Mwendo wa raundi moja ni 4 mara 2. Inafunga haraka, ila mkono unatumia nguvu zaidi.

Mzigo_Kamili: Inaingia kama 18. Ukuta upande mmoja ni kama milimita 4 kutoka ukingo wa shimo.

Kijana_wa_Koili: Basi weka koili ya chuma ubaki na boliti yako ya 10, breketi huigusi.

Mkereza_Vyuma: Faida ya breketi sawa, ila usidhani koili inaokoa ukuta, tapu yake ya 10 inakula mpaka kama 11.6. 18 inatosha kwa 12, ukuta ndio unanitia shaka.

Spana17: Mi bado fain, inakata kidogo ukutani.

Mkereza_Vyuma: Zote mwisho wake ni 12 kaka, ukuta unabaki ule ule.

Mzigo_Kamili: Koili mjini inapatikana kwa nani? Na ufa ukitokea wakati wa kutapu nitauonaje mapema?