Tupeane uzoefu: matokeo ya mtihani wa taifa yalikupima wewe, au yalipima kitu kingine?

Mwana wa Sengerema:
Wakuu, naanza mimi. Nilimaliza kidato cha nne 2012. Februari 2013 matokeo yalipotoka nilikuwa na sifuri. Mama alizima redio, hakunisemesha hadi kesho yake. Nikaenda kubeba zege. Mwezi Mei serikali ikafuta matokeo yale, yakapangwa upya, nikajikuta nina daraja la nne. Sikufanya mtihani mwingine, wala hakuna aliyeniongezea jibu. Karatasi ni zile zile. Kwa hiyo mimi nilikuwa nani, yule wa Februari au huyu wa Mei? Toeni na yenu.

Kijana wa Rorya:
Hapo ni wasahihishaji tu, mkuu. Mwalimu mmoja anapewa rundo la karatasi, jioni amechoka, anaweka alama anavyojisikia.

Fundi Chaki:
Uchovu upo, nimesahihisha na ninaujua. Lakini mtu mmoja hashiki karatasi yako yote. Mezani kila mwalimu ana swali lake, karatasi inazunguka, na kiongozi wa meza anarudia kuangalia baadhi. Kwanza tunakaa na mwongozo wa majibu, tunasahihisha karatasi chache za majaribio hadi tukubaliane jibu gani linapata ngapi.

Kilichomkuta mleta mada ni kingine. Zamani mipaka ya madaraja ilisogezwa kila mwaka kufuatana na hali ya matokeo. Kwa mtihani wa 2012 mipaka ikafungwa, na takriban watahiniwa 6 kati ya 10 wakapata sifuri. Tume ya Waziri Mkuu ilipochunguza, serikali ikaamuru warudie utaratibu wa awali. Alama zako za kila swali zinaweza kuwa za haki kabisa, lakini F au D ni uamuzi wa watu juu ya mstari upite wapi. Aliye mbali na mstari haguswi, aliye karibu nao anayumbishwa.

Mama Nuru:
Samahani, naomba kuuliza, mtu akirisiti hisabati anaruhusiwa mara ngapi? Mdogo wangu karudia mara mbili, F halafu D, na nijuavyo mimi hakufungua daftari.

Fundi Chaki:
Dada, la taratibu waulize kituo anachojiandikisha. Ila hilo la F na D ni ushahidi wa mada hii. Kipimo kilekile, mtu yuleyule, jibu tofauti.

Bi Tausi:
Mimi nafundisha kidato cha kwanza. Nilimpokea mtoto mwenye C ya hisabati ya darasa la saba. Nikamwambia asome swali kwa sauti. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza, midomo ikacheza, kidole hakikusogea. Baadaye nikamuuliza alifanyaje, akanijibu bila kuficha: "Nilisiliba, mwalimu."

Nikakaa nikapiga hesabu. Chukua mtihani wa maswali 50, kila moja lina majibu matano. Mtoto anajua 15 tu, yaliyobaki 35 anabahatisha. Kwa wastani atapata 7. Jumla 22. Kwa 15 angekuwa na D, kwa 22 ana C. Na hakuibia mtu. Siku hizi kuna maswali machache ya kuonyesha njia, na hapo ndipo ninapoangalia kwanza, maana njia haisilibiki.

Kijana wa Rorya:
Basi wafute ya kuchagua yote, kila mtu aandike.

Bi Tausi:
Kuandika nako kuna mtego, mwanangu. Biolojia sekondari inaulizwa kwa Kiingereza. Nilikuwa na binti alinieleza osmosisi kwa mchicha: ukiukata na kuutia chumvi, maji yanatoka kwenye majani yanafuata chumvi, jani linalegea. Sijasikia maelezo mazuri kama yale. Kwenye karatasi aliandika maneno manne yasiyoshikana, akapata sifuri. Mwongozo wa majibu ulimtendea sawa na wenzake wote, na ukisahihisha mara kumi utapata sifuri ileile. Lakini sifuri hiyo ni ya Kiingereza, imeandikwa kwenye safu ya biolojia.

Fundi Chaki:
Hapo umenigusa. Sisi mezani tunajisifu tunakubaliana, na kweli tunakubaliana. Hatuulizi tumekubaliana kupima nini.

Mwana wa Sengerema:
Sasa, waongeze uzito wa alama za shuleni? Mwalimu wangu alimjua kila mtu.

Bi Tausi:
Mimi ningetaka, lakini nimeona alama hizo zikipikwa usiku mmoja kabla ya kutumwa. Sijapata jibu.

Mama Nuru:
Mdogo wangu karudi sasa hivi. Nimemuuliza ile D ilitoka wapi. Anasema mwaka ule lilikuja swali la takwimu, na takwimu ndiyo mada pekee anayoijua.