Msaada: mchoro wa mzunguko wa naitrojeni na kaboni wenye nafasi wazi, mshale F umetugawa

Mwenge_Darasani
Wakuu, habari za jioni. Nasoma stashahada ya mazingira na wiki ijayo tuna mtihani. Mwalimu ameshadokeza kwamba swali la mchoro halikosi: unapewa mzunguko wa naitrojeni na wa kaboni, mishale ina herufi, majina yamefutwa, unajaza. Chini yake unaeleza kwa ufupi binadamu anavyouvuruga.

Nafasi nyingi hazinisumbui. Kinachotusumbua kwenye mazoezi ni mshale F, unaotoka udongoni kupanda hewani. Nusu ya kundi letu wanasema ni dinaitrifikesheni, nusu wanasema ni amonia kuruka hewani. Kwenye kaboni nako kuna mshale unaotoka kwenye mabaki ya viumbe kwenda hewani, mmoja kaandika "uozo", mwingine "upumuaji". Nani mkweli? Na sehemu ya binadamu niiandikeje ili nisiishie kusema "uchafuzi wa mazingira" tu? Mfano tuliopewa ni Ziwa Victoria.

Kipepeo88
Msimzungushe mtoto wa watu. Chochote cha naitrojeni kinachotoka udongoni kwenda hewani ni dinaitrifikesheni, andika hivyo. Na ziwa ni rahisi: mbolea inasombwa na mvua, mwani unastawi, unamaliza oksijeni yote, samaki wanakufa.

Mzee wa Mahindi
Kipepeo, hapo kwenye "chochote" nakupinga. Msimu uliopita nilimwaga urea juu ya ardhi yenye unyevu kidogo, sikuifukia, jua likawaka na mvua ikagoma. Jioni napita shambani harufu inapanda puani kama choo cha stendi. Ile ilikuwa pesa yangu inaruka. Mahindi yalibaki na unjano mpaka mwisho. Hivi nikihamia mbolea ya CAN nitapona, au ni yale yale?

Udongo_Mwekundu
Mzee amejibu nusu ya swali bila kuulizwa.

Mwenge, kwa F angalia mkia wa mshale umeanzia kwenye kisanduku gani na kichwa kimeishia wapi. Ukianzia kwenye nitrati (NO3-) na kuishia kwenye N2, hiyo ni dinaitrifikesheni. Ukianzia kwenye samadi, mkojo, urea au amonia na juu pameandikwa NH3, hiyo ni amonia kuruka. Kama mchoraji ameandika "udongo" tu bila kutaja kemikali, tafuta dokezo la maji. Bakteria wa dinaitrifikesheni hufanya kazi hiyo oksijeni ikiwa haba, kwa hiyo ukiona jaruba la mpunga au udongo uliotuamisha maji, jibu limeshajitoa.

Kwa Mzee kilichotokea ni hiki: urea ikikutana na unyevu, kimeng'enya kilichomo udongoni huivunja kuwa amonia, na pale punje ilipolala udongo hugeuka wa kialkali kwa muda. Hali hiyo huifanya amonia itoke kama gesi. Ingefukiwa sentimita chache, au mvua nzuri ingeishusha, sehemu kubwa ingebaki. CAN hairuki hivyo kirahisi kwa sababu nusu ya naitrojeni yake tayari ni nitrati, ila ukiiweka siku ya mvua kubwa itakukimbia kwa njia nyingine, nitaigusa hapo chini.

Nafasi nyingine za naitrojeni zijaze kwa kufuata chembe moja. Anza N2 juu. Inashuka kupitia vinundu vya mizizi ya maharage, ambako kuna Rhizobium, au kupitia radi, au kupitia kiwanda cha mbolea. Mshale wa kiwandani usiuache: tangu kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilipoanza mwaka 1913 kutumia njia ya Haber na Bosch, binadamu ana mlango wake mwenyewe wa kuingiza naitrojeni kwenye mzunguko. Mmea ukifa, waozeshaji hutoa amonia. Nitrosomonas huifanya nitriti, Nitrobacter huifanya nitriti kuwa nitrati, na mizizi huichukua. Watu wengi hupoteza alama hapo katikati kwa kuwabadilishana hao wawili.

Kwenye kaboni, kundi lako lote liko karibu na ukweli. Gesi inayotoka kwenye mabaki hutoka kwa sababu bakteria na kuvu wanayala na kupumua. Swali likitaja orodha ya maneno yenye yote mawili, "uozo" weka kwenye mabaki na "upumuaji" weka kwa walio hai. Kama orodha ina "upumuaji" peke yake, usishangae ukirudiwa. Na kumbuka mmea nao una mshale wa kutoa kabonidioksidi, mchana na usiku. Hiyo ndiyo nafasi ambayo wengi huiacha tupu.

Mwenge_Darasani
Nimerudi kwenye karatasi. Mkia wa F uko kwenye kisanduku cha nitrati, juu pameandikwa N2. Kumbe tulikuwa tunabishana bila kusoma mkia. Sasa sehemu ya ziwa?

Udongo_Mwekundu
Andika kwa kufuata mishale ile ile. Kwa mfano: mbolea iliyozidi huacha nitrati udongoni. Nitrati ina chaji hasi na chembe za mfinyanzi nazo zina chaji hasi, hivyo haishikiliwi, maji ya mvua huishusha hadi mtoni na mto huipeleka ziwani. (Mzee, ndiyo ile njia nyingine.) Huko mwani hustawi na kuufunika uso wa maji.

Hapo Kipepeo amekata kona. Mchana mwani unatoa oksijeni. Shida kubwa huja unapokufa na kuzama: bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni ya maji ya chini, na samaki wa huko hukosa pumzi. Ukiruka hatua ya uozo, mnyororo wako umekatika katikati.

Usiitupie naitrojeni lawama yote. Kwenye Ziwa Victoria fosforasi ina uzito mkubwa, na aina fulani za bakteria wa kijani-bluu huvuta naitrojeni yao moja kwa moja hewani. Majitaka ya miji, mmomonyoko, hata majivu na vumbi la mashamba yanayochomwa vinavyoshuka na mvua, vyote vinaingia ziwani. Sentensi moja ya hayo inatosha.

Kipepeo88
Sawa, la mwani nimelipokea. Ila kwa kaboni: mkaa. Ninyi huwa mnataja magari na makaa ya mawe tu, wakati Dar jiko ni mkaa. Kaboni ni kaboni, weka mshale mmoja.

Udongo_Mwekundu
Gesi ni ile ile, hapo sibishi. Tofauti ni ghala inakotoka. Kaboni ya makaa ya mawe ilikuwa imefukiwa mamilioni ya miaka, ukiichoma unaongeza hewani kitu ambacho mzunguko wa haraka ulishakisahau. Ndiyo maana kabonidioksidi imepanda kutoka takribani sehemu 280 kwa milioni ya hewa kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa. Kaboni ya mkaa ilivutwa na mti juzi tu, na mti mwingine ukikua pale pale itarudi. Chora mishale miwili.

Kipepeo88
Mti mwingine ukikua. Nenda kaangalie kule mkaa unakokatwa kama kuna mti unaorudi, au ni mashamba ya ufuta.

Udongo_Mwekundu
Hapo una hoja. Msitu ukigeuzwa shamba, kaboni hairudi, na ya udongoni nayo huanza kutoka. Mwenge, kama nafasi inaruhusu, mshale wa pili uandike "ukataji misitu" badala ya "mkaa". Msahihishaji mwingine anaweza kutaka "mwako" tu, hilo muulizeni mwalimu wenu mapema.

Mzee wa Mahindi
Mimi CAN nanunua mfuko mmoja kwanza, urea iliyobaki naifukia.