Maelezo ya dai la ukimbizi: tarehe za mdogo wangu hazilingani

Kutoka: Furaha, Sherbrooke

Ndugu zangu wa Goma na wa pembeni yake, nawasalimu.

Mdogo wangu alifika Montreal kwa ndege akitokea Kampala, akaomba hifadhi palepale uwanjani. Ni mzaliwa wa Kiwanja. Vita vilipofika Rutshuru mwaka 2022 alikimbilia kambi ya Kanyaruchinya, kisha akaja kukaa nasi Ndosho, mjini Goma, na hapo akawa anamsaidia mkuu wa nyumba kumi kuandika daftari la kaya. Waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025, watu wenye bunduki walikuja kudai daftari hilo kwa sababu lina majina ya vijana wa mtaa. Alikuwa amelificha, akakataa kulitoa, nao wakaanza kumtafuta yeye mwenyewe.

Tunalokwama nalo ni hili. Kwa afisa wa uwanja wa ndege alisema watu hao walikuja wiki mbili hivi baada ya mji kutekwa. Katika rasimu ya maelezo ya fomu ya BOC, yaani ile ya msingi wa dai la hifadhi, ameandika Machi 2025. Tena alimwambia afisa kwamba kaka yake aliuawa, lakini katika orodha ya ndugu zake hakumwandika mtu huyo. Ukimwomba asimulie, anaanza na kifo hicho, anahamia Ndosho, anarudi mwaka 2008, kisha ananyamaza. Najua hasemi uongo, kwa maana mengine niliyaona kwa macho yangu. Wakili anataka rasimu kabla ya miadi yetu. Tuyapange vipi?

Kutoka: Bahati, Ottawa

Dada Furaha, aandike kwa kifupi, nusu ukurasa inatosha, na mengine atayaeleza kwa mdomo siku ya kusikilizwa, kwa sababu kila neno unaloandika ni neno utakaloulizwa. Ila yale machache atakayoandika yawe na tarehe kamili: siku, mwezi na mwaka. Jaji anataka uhakika.

Kutoka: Papa Amani, Montreal

Dada Furaha, poleni sana. Nimekuwa nikiwakalimania watu wetu mbele ya mawakili hapa kwa muda mrefu, na ninaandika kutokana na niliyoyaona.

Bahati ana haki kwamba maelezo si kitabu. Katika mengine naomba nitofautiane naye, kwa sababu nimeona watu wakiumia. Jambo la msingi likikosekana katika fomu na likasikika kwa mara ya kwanza siku ya kusikilizwa, mjumbe wa Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi, ndiye anayesikiliza dai, atauliza kwa nini halikuandikwa, na kusema kwamba ulidhani utalieleza baadaye ni jibu dhaifu. Daftari, vitisho na kifo cha huyo ndugu lazima viwemo. Kuhusu tarehe, anayeandika tarehe 14 ilhali anakumbuka tu kwamba ilikuwa katikati ya mwezi amejiwekea mtego mwenyewe, maana ataulizwa tena na tena, na siku moja atasema 16. Aandike kwa upana uleule anaoukumbuka.

Tangu hukumu ya Maldonado ya mwaka 1979, hapa Kanada anayeapa huchukuliwa kuwa anasema kweli mpaka pawepo sababu ya kumshuku. Tarehe mbili zinazogongana bila maelezo ndizo zinazotoa sababu hiyo, na kumbukumbu za afisa wa uwanja wa ndege zimo katika jalada, mjumbe atazisoma. Kwa hiyo ombeni nakala kwa wakili kabla ya kuandika mstari mwingine wowote.

Kisha mwache asimulie anavyotaka, hata akianzia katikati, nawe uandike kila tukio kwenye kipande chake cha karatasi. Usimuulize lilitokea lini. Muulize lilitokea kabla au baada ya jambo ambalo mji mzima unalikumbuka. Kwetu alama hizo hazikosekani: mauaji ya Kiwanja ya Novemba 2008, Nyiragongo kulipuka Mei 2021, kutekwa kwa Rutshuru na Kiwanja mwishoni mwa Oktoba 2022, kuingia kwa M23 Goma mwishoni mwa Januari 2025, kuanguka kwa Bukavu katikati ya Februari. Kwenye kila karatasi muongeze neno moja: aliona mwenyewe, au aliambiwa, na aliambiwa na nani. Mkimaliza ndipo mzipange kwa mfuatano.

Anaponyamaza, msimamishe kwa siku hiyo. Usimjazie wewe, hata kama ulikuwepo. Ya kwako utayaandika katika barua yako ya ushahidi.

Kutoka: Mama Zawadi, Winnipeg

Sisi tulihojiwa katika kambi ya Nakivale, Uganda, mara nyingi kabla ya kuletwa Kanada, na kule walikosea jina la mwanangu wa tatu. Nikisoma haya naingiwa na wasiwasi. Je, nami nijaze hiyo BOC ili kaka yangu aliyebaki Uganda aje? Kwetu waliuliza zaidi idadi ya watu wa nyumba kuliko vita.

Kutoka: Papa Amani, Montreal

Hapana, Mama Zawadi. Fomu hiyo ni ya anayeomba hifadhi akiwa tayari ndani ya Kanada. Ninyi mliletwa mkiwa mmekwisha kukubaliwa, kwa hiyo jina la mtoto na safari ya kaka yako ni maombi mengine kabisa. Fungua mjadala wake tukusaidie. Lakini umenikumbusha jambo: Furaha, muulize mdogo wako kama alijiandikisha popote Uganda na alisema nini huko, kwa sababu maelezo hayo pia yanaweza kuwekwa karibu na haya.

Kutoka: Furaha, Sherbrooke

Tumekaa na karatasi jioni kadhaa. Kampala hakujiandikisha. Nilipomuuliza kuhusu Bukavu, alijibu mara moja kwamba habari za kutekwa kwake alizisikia redioni akiwa amejificha kwa shangazi yetu Himbi, na alikwenda Himbi kwa sababu watu wale walikuwa wamekwisha kuja. Kwa hiyo walikuja kabla ya katikati ya Februari, sawasawa na alivyomwambia afisa. Lakini bado anashikilia Machi, na anasema shangazi alimpigia simu akilia. Riziki, wewe uko Goma, hebu muulize shangazi.

Kutoka: Riziki, Goma

Yaya Furaha, nimekwenda Himbi. Hakupiga simu, alituma ujumbe wa sauti, nao bado umo katika simu yake: ni wa tarehe 9 Machi 2025. Anasema, "Wamerudi jana kule Ndosho, wamevunja mlango, wanauliza mwandishi wa daftari, usirudi." Wakati huo mdogo wako alikuwa amekwisha kuondoka Himbi na kuhamia kwa rafiki yake. Nimeusikiliza mwenyewe. Nikutumie?

Kutoka: Papa Amani, Montreal

Basi walikuja mara mbili, na mdogo wako amekuwa akizisimulia kama mara moja. Mara ya kwanza aliwaona, mara ya pili aliambiwa. Hakuna aliyekosea tarehe. Lililokosekana ni kuzitenganisha.

Riziki, ujumbe ukipelekwa mbele utaonyesha tarehe ya leo, kwa hiyo piga picha ya skrini katika simu ya shangazi, ionekane namba yake, tarehe na ujumbe wenyewe. Na mdogo wako atafute ujumbe huohuo katika simu yake aliyoupokelea, kama bado anayo. Asifute chochote. Wakili ataandaa tafsiri.

Aya hiyo ningeiandika hivi, kwa maneno yake:

"Baada ya M23 kuingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na kabla sijasikia kwamba Bukavu imetekwa, wanaume watatu wenye bunduki walikuja nyumbani kwetu Ndosho. Siku yenyewe siikumbuki. Nakadiria ni wiki ya kwanza au ya pili ya Februari. Nilikuwepo. Walinidai daftari la nyumba kumi, nami nikawaambia kwamba liko kwa mkuu, ingawa nilikuwa nimelificha. Usiku ule nilihamia kwa shangazi yangu Himbi. Watu wenye silaha walirudi Ndosho mwezi wa Machi. Sikuwepo, niliarifiwa na shangazi kwa ujumbe wa sauti wa tarehe 9 Machi 2025. Nilipoongea na afisa wa uwanja wa ndege nilimweleza mara ya kwanza tu."

Angalieni kwamba hakusema waliorudi ni walewale, kwa sababu hajui. Na kama walikuja bila sare, aeleze mavazi yao, lugha yao na walichosema, asiwape jina la kundi ambalo hawakujitaja.

Je, huyo kaka ni nani?

Kutoka: Furaha, Sherbrooke

Ni mtoto wa baba mdogo, aliyelelewa nyumbani kwetu tangu utotoni. Aliuawa Kiwanja Novemba 2008. Kwetu huyo ni kaka, na afisa hakuuliza zaidi.

Kutoka: Papa Amani, Montreal

Semeni hivyohivyo, katika sentensi mbili: ni mtoto wa baba mdogo, alilelewa kwetu, ndiyo maana hayumo katika orodha ya ndugu wa tumbo moja. Hilo la 2008 liwekwe mwanzoni kama historia ya familia, kwa ufupi, ili msomaji asidhani ndilo lililomfukuza 2025.

Kuna sehemu moja sijaiona katika rasimu. Alitokaje Goma? Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa. Kama alipita Rutshuru hadi mpaka wa Uganda kule Bunagana, basi alipita barabara iliyo mikononi mwa watu walewale anaowaogopa, na mjumbe atauliza aliwezaje kupita vizuizi kama anatafutwa.

Kutoka: Furaha, Sherbrooke

Ndiyo, alipita Bunagana. Analikwepa kwa sababu dereva aliyemficha kati ya mizigo bado anafanya kazi njia hiyo.

Kutoka: Papa Amani, Montreal

Jina la dereva halihitajiki, na madai haya husikilizwa bila watu wa nje kuwepo. Aseme jinsi alivyopita, alikuwa wapi ndani ya gari, na alisikia nini kizuizini. Akiliacha, pengo hilo litasomwa vibaya kuliko tarehe zote.

Kama fomu imekwisha kupokelewa, marekebisho bado yanawezekana: kurasa zilizobadilika zipigiwe mstari chini ya kilichobadilika, azitie sahihi na tarehe, aambatanishe tamko kwamba yote ni kweli na kamili na kwamba alitafsiriwa, na Bodi izipokee angalau siku 10 kabla ya kusikilizwa. Msisubiri siku hizo 10. Sahihisho lililoletwa mapema na mwenyewe huonekana tofauti na lile linalokuja baada ya kubanwa kwa maswali.

Kutoka: Bahati, Ottawa

Nimekuelewa, Papa Amani. Lakini bila barua ya mkuu wa nyumba kumi, je, hili la daftari litaaminiwa? Mimi ningeitafuta kwa kila njia.

Kutoka: Riziki, Goma

Mkuu yupo bado Ndosho, na nimeongea naye. Yuko tayari kusema kwa mdomo, ila kuandika na kutia sahihi anaogopa, kwa sababu barua ikikamatwa kizuizini au ndani ya simu, yeye na watoto wake wamekwisha. Mimi siwezi kumshurutisha.

Kutoka: Papa Amani, Montreal

Wala usimshurutishe. Kanuni zinamtaka mdai alete hati, au aeleze kwa nini hana na alifanya nini kuzitafuta. Maelezo hayo yanaweza kuwa barua yako wewe Riziki, ukiandika ulimuuliza lini na alijibu nini, bila jina lake. Kama inatosha au haitoshi, hapo mawakili wenyewe hawakubaliani. Wengine wangetaka mkuu ashuhudie kwa simu siku ya kusikilizwa, lakini nani atajua siku hiyo Goma itakuwaje?

Kutoka: Furaha, Sherbrooke

Nitampelekea wakili rasimu yenye mara zote mbili, kaka na njia ya Bunagana, na swali la mkuu nitaliacha wazi mezani kwake. Riziki, ile picha ya skrini usiitume leo. Subiri uwe mahali penye usalama.