Kusukumwa na jirani: mbona barua ina mashtaka mawili?

Kutoka: Mwanaidi (Leicester)

Asalaam alaikum jamani. Jirani yetu aligombana na mume wangu kuhusu gari, akidai tumeegesha mbele ya geti lake. Mwisho akamsukuma hadi akaangukia ukuta, huku akimtolea maneno machafu ya rangi yake na kumwambia arudi kwao. Polisi walikuja, wakaandika. Sasa tumeletewa barua: jirani anashtakiwa kwa shambulio la kawaida, na pia kwa shambulio hilohilo lililozidishwa uzito na ubaguzi wa rangi. Mume wangu kasukumwa mara moja tu, hayo mawili yametoka wapi? Tena yeye mwenyewe anasema ugomvi ulikuwa wa maegesho, si wa rangi, na anaogopa kuonekana anamkomoa mtu. Mwenye kujua atueleze.

Kutoka: Athumani (London)

Dada Mwanaidi, pole sana. Msiwe na wasiwasi, hapa Uingereza ukishahisi kwamba umefanyiwa kwa sababu ya rangi yako, basi ni kosa la chuki. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa baada ya ripoti ya mwaka 1999 kuhusu kifo cha Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuawa na wabaguzi hapa London. Jirani hana pa kutokea.

Kutoka: Zuhura (Manchester)

Salaam kwa wote. Nimekuwa mkalimani wa polisi na mahakama kwa miaka mingi, na jambo hili naliona kila mara.

Kaka Athumani, ulilosema ni kweli kwa polisi. Ukihisi hivyo, au hata shahidi akihisi hivyo, polisi wanatakiwa kuandika tukio kuwa la chuki na kulichunguza kwa jicho hilo. Mahakamani hisia yako haitoshi. Pale mwendesha mashtaka lazima athibitishe chuki yenyewe pasipo shaka, sawa na anavyothibitisha msukumo. Watu wengi huvunjika moyo hapo, kwa kuwa walidhani kazi imeshaisha kituoni.

Kuhusu maegesho, sheria ya 1998 inaweka njia mbili. Ya kwanza ni kuthibitisha kwamba chuki ndiyo iliyomsukuma kutenda, yote au sehemu yake. Hiyo ni ngumu, maana nani anaingia moyoni mwa mtu? Ya pili ni kuthibitisha kwamba wakati wa tendo, au punde kabla au baada yake, mshtakiwa alimwonyesha mwenzake uadui kwa sababu ya rangi au asili yake. Kesi nyingi hupita hapa, na hapa chanzo cha ugomvi hakimwokoi. Kuna kesi ya mwaka 2002 inayofanana na yenu: watu waligombania nafasi ya kuegesha gari la mlemavu, mmoja akamporomoshea mwenzake matusi ya rangi. Mahakimu walimwachia kwa kuona ni hasira za maegesho tu. Mahakama ya juu ikasema hapana, maneno yale yalikuwa uadui wa rangi hata kama hasira ilianzia kwenye gari.

Sasa hayo makosa mawili. Shambulio la kawaida mwisho wake ni kifungo cha miezi 6. Likizidishwa na ubaguzi, mwisho ni miaka 2. Mwendesha mashtaka huweka yote mawili ili, ikiwa msukumo utathibitika na maneno yasithibitike, mshtakiwa asiondoke bila hatia kabisa. Akipatikana na kosa kubwa, haadhibiwi mara ya pili kwa lile dogo.

Kutoka: Mzee Kombo (Reading)

Wanangu, mimi hili silikubali. Kusukumwa ni kusukumwa. Bega linauma vilevile, awe amekuita jina au amenyamaza. Tukianza kumfunga mtu kwa alichonacho moyoni, kesho serikali itatufunga sisi kwa maoni yetu.

Kutoka: Baraka (Minneapolis)

Shikamoo Mzee Kombo. Hoja yako ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1993, kesi ya Wisconsin dhidi ya Mitchell. Kundi la vijana weusi mjini Kenosha walimpiga mvulana mzungu hadi akazimia kwa siku 4, naye Mitchell, mmoja wao, ndiye aliyewaelekeza kwake kwa sababu ya rangi yake. Kifungo kilichokuwa na ukomo wa miaka 2 kikapandishwa ukomo hadi 7, akahukumiwa 4. Wakili wake alisema wanaadhibu mawazo. Majaji wote 9 walikataa. Walisema kinachoadhibiwa ni kitendo cha kupiga, na tangu zamani mahakimu hupima sababu ya kutenda: anayeua ili alipwe huonekana mbaya zaidi. Tena kosa la namna hii huzaa visasi na hutia hofu jamii nzima.

Na uone, aliyelindwa pale alikuwa mzungu. Sheria haimlindi mtu wa rangi moja tu.

Kutoka: Mzee Kombo (Reading)

Marahaba. Hilo la hofu nalielewa. Jirani akigombana na mume wa Mwanaidi juu ya gari pekee, mimi wa mtaa wa pili nalala usingizi wangu. Akimsukuma kwa weusi wake, na mimi nimo. Lakini bado naona mtu mwenye ulimi mchafu akikasirika atafungwa pamoja na mbaguzi wa kweli, na hao si sawa.

Kutoka: Zuhura (Manchester)

Mzee, hofu yako wanasheria wengine wanayo pia, na mimi sina jibu la kuimaliza. Ipo mipaka lakini. Mwaka 2004 kulikuwa na mtu aliyemwaga rangi ya kucha kwenye mlango wa jirani yake, kisha dakika kama 20 baadaye akamtolea polisi maneno ya kibaguzi. Mahakama ilisema muda umepita mno, hiyo si "punde baada".

Kutoka: Mama Jamila (Birmingham)

Jamani hata mimi. Kazini nimenyimwa cheo mara kadhaa, wanapewa waliokuja juzi. Hili nalo niwapigie polisi, liwe kosa la chuki?

Kutoka: Zuhura (Manchester)

Pole Mama Jamila. Hilo ni ubaguzi kazini, linakwenda kwenye baraza la kazi, wala si polisi. Kosa la chuki lazima liwe na kosa la jinai ndani yake kwanza: kupiga, kutishia, kuharibu mali. Waone ACAS, shirika la kusuluhisha migogoro ya kazi, upesi, maana muda wa kulalamika ni mfupi.

Dada Mwanaidi, kwako nina moja kubwa. Watu wetu wakitoa maelezo polisi husema "alinitukana matusi siwezi kuyatamka". Nami mkalimani siruhusiwi kutafsiri lisilosemwa, kwa hiyo kwenye karatasi inabaki "alinitukana". Kesi inadhoofika papo hapo. Mumeo alitaja maneno yenyewe?

Kutoka: Mwanaidi (Leicester)

Hapana! Aliona aibu, askari alikuwa mwanamke wa umri wa mama yake. Alisema tu "maneno ya rangi, akaniambia nirudi kwetu".

Kutoka: Zuhura (Manchester)

"Rudi kwenu" ina uzito. Mwaka 2007 Mabwana wa Bunge, ambao wakati huo ndio waliokuwa mahakama ya mwisho, waliamua kwamba hata kuwaita watu "wageni" kwa matusi kunaweza kuwa uadui wa rangi. Walioitwa hivyo walikuwa wasichana wa Kihispania. Lakini msitegemee hilo pekee. Mpigie afisa wa kesi, mwombe mumeo atoe maelezo ya nyongeza, ataje kila neno kwa Kiingereza kama lilivyotamkwa, na kama lilitoka kabla ya msukumo au baada. Akitaka askari mwanamume, aombe. Jirani wa ng'ambo ana kamera ya kengele ya mlango?

Kutoka: Mwanaidi (Leicester)

Anayo. Naenda kumgongea jioni hii kabla haijajifuta.