Mrejesho: Ramani ya Tanga, skeli na ufunguo

Swali langu lilikuwa: "Ramani yangu ya shule na barabara za Tanga katika programu ya ramani ya QGIS inaonyesha skeli kwa digrii, na ufunguo umejaa majina ya mafaili. Nifanyeje?"

Nawashukuru nyote mlionijibu. Nilifuata kwanza ushauri wa kubadili mfumo wa majira ya nukta wa mradi kutoka EPSG:4326, unaohesabu kwa digrii, kwenda EPSG:32737, yaani kanda ya UTM ya 37 kusini inayopimwa kwa mita, kisha nikachagua kilomita katika skeli ya mstari. Sasa inasomeka vizuri.

Katika ufunguo niliondoa tiki ya Auto update, nikaandika "Barabara kuu" mahali pa jina la faili. Hapa nilikosea kidogo: tabaka la mikoko nililoongeza baadaye halikuingia lenyewe, nami nikaligundua nimekwisha kuchapa.

Skeli ya namba, 1:50 000, nimeifuta, kwa sababu nakala ya A4 iliyopunguzwa kutoka A3 iliifanya iwe ya uongo, ilhali mstari ulipungua pamoja na ramani. Chanzo nimekiandika chini: © OpenStreetMap contributors, pamoja na tarehe niliyopakua data.